Sawa kwa Lipi? Tafsiri Sisisi, Tafsiri Huru na Karatasi ya Dawa

Nilipoanza kusoma nadharia za tafsiri nilivutiwa sana na mwanaisimu Mmarekani Eugene Nida, ambaye mwaka 1964 alitofautisha ulinganifu wa umbo, unaofuata kwa karibu maneno na muundo wa matini chanzi, yaani maandishi yanayotafsiriwa, na ulinganifu wa athari, unaotaka msomaji wa tafsiri aguswe na ujumbe kama alivyoguswa msomaji wa kwanza. Mfano wake unaokumbukwa sana ni agizo la Mtume Paulo la waumini kusalimiana kwa busu takatifu, ambalo mtafsiri wa Biblia J. B. Phillips aliligeuza kuwa kushikana mikono kwa moyo mkunjufu. Mfano huo ulinikolea kupita kiasi. Nilitoka na imani kwamba tafsiri huru ni kazi ya fundi na tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno, ni kazi ya mwanagenzi, na imani hiyo ndiyo niliyoiingiza katika kazi yangu ya kwanza ya kitabibu, yaani karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Sentensi iliyonisumbua ilikuwa fupi. Ukiigeuza kutoka Kiingereza neno kwa neno, inasema hivi: "Chukua kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwenye tumbo tupu, saa 8:00 asubuhi na saa 8:00 usiku." Hapo tafsiri sisisi inaanguka tangu neno la kwanza, kwa sababu kuchukua kidonge ni kukitia mkononi, na mtu anaweza kukichukua asikimeze. Kwa hiyo niliandika kwa uhuru: "Meza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kabla ya kula." Ilisomeka vizuri, nami nikaipeleka nikiwa nimeridhika.

Mfamasia aliyepewa kazi ya kuihakiki aliirudisha na maswali mawili pembeni: kabla ya kula kwa muda gani, na jioni ya saa ngapi? Nilikuwa nimeharibu mambo mawili kwa wakati mmoja. Katika maelezo ya dawa, tumbo tupu kwa kawaida humaanisha angalau muda wa saa moja kabla ya mlo au muda wa saa mbili baada yake, ilhali mtu anayeambiwa "kabla ya kula" anaweza kumeza kidonge huku sahani iko mbele yake. Tena matini chanzi ilitenganisha vidonge kwa saa 12 kamili. Kwa maneno yangu, mgonjwa angeweza kumeza cha kwanza saa 4 asubuhi na cha pili saa 11 jioni, yaani baada ya saa 7 tu, kisha akakaa saa 17 bila dawa, na bado akawa ametii karatasi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mtaalamu wa tafsiri Werner Koller, ambaye nilikuwa nimempita haraka. Mwaka 1979 alieleza kwamba ulinganifu hauzungumzwi hivi hivi tu. Lazima kwanza useme matini mbili zilingane katika jambo gani. Anataja mambo matano: kinachorejelewa na maneno, hisia na rejista yanazozibeba, kaida za aina ya matini, uelewa wa msomaji anayelengwa, na umbo lenyewe. Yote matano ni nadra kupatikana pamoja, kwa hiyo mtafsiri huyapanga kwa uzito kabla ya kushika kalamu. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kufanya mpangilio huo kwa kila sentensi, kwa sababu karatasi moja ya dawa ina sentensi zinazodai uhuru mkubwa na nyingine zisizovumilia hata punje yake.

Tuzitazame zile saa. Tarakimu huonekana kuwa kitu salama kuliko vyote, kwamba nane ni nane popote. Lakini Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha na za usiku kunapokuchwa, kwa hiyo saa nane ya usiku ya Kiingereza ni saa mbili usiku kwetu. Anayenakili tarakimu anapata "saa 8 asubuhi", wakati ambao haumo katika hesabu yetu na msomaji atashtuka, na "saa 8 usiku", wakati ambao upo kabisa na hakuna atakayeshtuka. Kosa la pili ndilo la hatari. Mgonjwa mwangalifu atadhani la kwanza ni kosa la uchapaji, atasoma "saa 8 mchana", na vidonge vyake bado vitatengana kwa saa 12. Ila kimoja kitaangukia muda mfupi baada ya chakula cha mchana, na kingine kitamtaka aamke usiku wa manane. Ili kinachorejelewa kibaki sawa, tarakimu lazima ibadilike.

Toleo la mwisho lilikuwa hivi: "Meza kidonge kimoja saa 2 asubuhi na kimoja saa 2 usiku. Hakikisha umepita muda wa saa mbili tangu ulipokula, na usile tena mpaka upite muda wa saa moja." Maneno "muda wa" yamewekwa makusudi, kwa kuwa "saa mbili" katika Kiswahili ni wakati na pia ni urefu wa muda, na katika sentensi zinazofuatana maana hizo mbili hugongana.

Sentensi iliyofuata ilinifundisha kinyume chake. Matini chanzi ilisema kwamba dawa huenda ikasababisha usingizi, nami katika rasimu ya kwanza niliandika "dawa hii husababisha usingizi", kwa kuwa lilikuwa tamko fupi na jepesi. Lakini kiambishi hu- hutaja jambo la kawaida, na "huenda" hutaja jambo linalowezekana. Mgonjwa asiyesinzia angeweza kudhani dawa haifanyi kazi. Hapa kiwango cha uhakika ndicho kinachotakiwa kulingana, na njia fupi ya kukifikia ni kufuata matini chanzi neno kwa neno. Hata Jeromu, mtafsiri wa kale wa Biblia, ambaye katika barua yake kwa rafiki yake Pamakio alitetea kutafsiri maana badala ya neno, aliyaondoa Maandiko Matakatifu katika kanuni hiyo, kwa kuwa humo aliona fumbo hata katika mpangilio wa maneno.

Kipo kipimo kimoja ambacho nawasihi watafsiri wenzangu wasikiamini peke yake, nacho ni tafsiri rejeshi, yaani kumpa mtu wa tatu tafsiri yako airudishe katika lugha chanzi bila kuona matini ya awali. Kipimo hiki hupendelea usisisi. "Chukua kidonge kwenye tumbo tupu" hurudi Kiingereza bila doa, hata kama msomaji wa Kiswahili hakuambulia kitu, na sentensi zangu mbili za tumbo tupu zilirudi zikiwa ndefu kuliko asili, nikatakiwa kujieleza. Makosa yangu mengine yaligunduliwa kwa njia nyingine: tuliwapa karatasi watu wachache wasiohusika na kazi hiyo, kisha tukawauliza, "Ukipewa dawa hii leo, utameza saa ngapi, na utakula lini?" Anayejibu kwa kurudia maneno ya karatasi hajakuonyesha kama ameelewa, muulize tena mpaka ataje saa.

Swali lililobaki lilikuwa la mitambo. Karatasi ilikataza kuendesha mitambo, na wasomaji wawili walisema hilo haliwahusu kwa kuwa hawafanyi kazi kiwandani, ingawa mmoja wao huendesha pikipiki kila siku. Nilitamani kuitaja pikipiki, lakini kuongeza kisichokuwemo katika maelezo ya dawa hakumo katika mamlaka ya mtafsiri. Niliandika pendekezo, nikaeleza walichosema wasomaji, nikalipeleka kwa mwenye matini. Alikubali "gari, pikipiki au mashine", na akaagiza matini chanzi nayo irekebishwe.