Kukanusha mara mbili: kosa la nani?

"Mwalimu wa Kiingereza kanikata alama kwa kukanusha mara mbili. Mbona Warusi wanafanya hivyo kila siku?"

Ndugu, kwa Kirusi ni lazima. "Nikto nichevo ne znayet" ina vikanushi vitatu, na maana yake ni moja tu: hakuna anayejua chochote. Ukiondoa "ne" sentensi imeharibika. Vikanushi vinapatana, kama viambishi vyetu vya ngeli vinavyofuata nomino.

Kiingereza nacho kilikuwa hivyo. Katika karne ya 14 mshairi Mwingereza Chaucer alimsifu askari mwungwana wa hadithi yake kwa vikanushi vinne ndani ya sentensi moja: hakuwahi kumtolea mtu yeyote neno chafu. Kwa hesabu ya "hasi mbili ni chanya", angekuwa anamtukana! Karne ya 18 wanasarufi kama Robert Lowth waliandika kanuni hiyo ya hesabu, lakini waandishi rasmi walikuwa wameshaanza kuacha mtindo wa kurundika vikanushi kabla yao. Lahaja nyingi za Kiingereza, ikiwemo ya Waamerika Weusi, bado zinao, na wasemaji wanaelewana vizuri kabisa.

Usichanganye na "hakuna asiyejua". Hapo kila kikanushi kina kitenzi chake, ndiyo maana vinafutana kwelikweli.