Jibu la 3.68 limetoka wapi?

Swali: Ninafundisha kemia na nakagua hesabu za titresheni zilizoandikwa kwa mkono. Asidi ya HCl ya 0.1024 mol/L ilitoka kwenye byureti (1.35 hadi 23.90 cm³) ikapambana na 25.00 cm³ za NaOH. Mimi napata NaOH 3.695 g/L, mwanafunzi ana 3.68. Fomula zake ni sahihi. Kosa nilitafute wapi?

Jibu: Mwalimu, anza na ukubwa wa tofauti. Aliyesahau kugeuza cm³ kuwa lita kwa kawaida hukosea mara 1000, na kosa hilo linaonekana hata kwa mbali. Hapa majibu yanaachana kwa takriban asilimia 0.4 tu, kwa hiyo vipimo viko sawa. Inaelekea alikata tarakimu mapema.

Ili kujua ni mstari gani, rudi nyuma kutoka kwenye jibu lake. Gawanya 3.68 kwa 40.00 g/mol, unapata 0.0920 mol/L. Zidisha kwa 0.02500 L, unapata moli 0.00230. Sasa fanya hesabu yenyewe: 23.90 − 1.35 = 22.55 cm³, yaani 0.02255 L, na 0.1024 × 0.02255 ni 0.00230912. Huenda kwenye daftari utakuta ameandika 0.0023. Kama ndivyo, inaelekea aliona nafasi nne za desimali akadhani ana tarakimu nne za maana, kumbe sifuri za mbele hazihesabiwi. Alibaki na mbili tu. Hata 3.68 yake, yenye tarakimu tatu, inadai usahihi ambao mstari ule ulishaupoteza.

Mwambie aandike 2.3091 × 10⁻³ mol. Kwa umbo hilo idadi ya tarakimu inaonekana wazi, na ile ya tano inabebwa kwa akiba hadi mwisho. Akigawanya kwa 0.02500 L atapata 0.092364 mol/L, akizidisha kwa 40.00 atapata 3.69456, na hapo ndipo akadirishe kuwa 3.695 g/L. Tarakimu nne zinatosha kwa sababu 0.1024, 22.55, 25.00 na 40.00 zote zina nne. Ile 1000 ya kugeuza cm³ kuwa lita ni kamili kwa maana yake, haipunguzi chochote.

Kuna sehemu moja ambayo mimi huikagua kabla ya nyingine zote: kutoa kwa usomaji wa byureti. Katika kutoa tunafuata nafasi za desimali, si idadi ya tarakimu. Angesoma 1.35 na 2.20, tofauti ingekuwa 0.85 cm³, tarakimu mbili tu, na jibu la mwisho lisingestahili zaidi ya hizo. Pia hakikisha ameandika 23.90, si 23.9. Sifuri ile ni kipimo alichokisoma. Akiiacha, tofauti yake inabaki na nafasi moja ya desimali na tarakimu tatu tu.

Ukikuta jibu limepotoka mara 1000, ndipo utafute vipimo. Katika hesabu hii hutokea pale ujazo mmoja umegeuzwa kuwa lita na mwingine umebaki kwenye cm³. Mtake aandike kipimo pembeni mwa kila namba, hapo utaona cm³ iliyobaki bila mwenzake wa kufutana naye.