Jedwali lililonionyesha wateja wa Aprili hawarudi

Mimi na kaka yangu tunauza gesi ya kupikia Kimara, Dar es Salaam. Yeye yuko kwenye bodaboda kutwa nzima, mimi niko dukani na simu na daftari. Kila anayechukua mtungi kwetu kwa mara ya kwanza tunamwandikisha siku hiyohiyo: namba ya simu, mtaa, na ukubwa wa mtungi. Kwa nusu mwaka kipimo changu cha biashara kilikuwa kimoja tu, idadi ya walionunua mwezi huo. Januari walikuwa 80, Februari 104, Machi 158, Aprili 247. Mei wakashuka hadi 210, Juni wakapanda tena hadi 234. Ukitazama namba hizo utasema duka linakua. Nami nilisema hivyo.

Tatizo ni kwamba jumla ya mwezi inachanganya watu wa aina mbili: wapya walioingia leo na wa zamani waliorudi. Ukiingiza wapya wengi kila mwezi, jumla itapanda hata kama wa zamani wanaondoka kimyakimya. Dawa yake ni kuwapanga wateja kwa mwezi walioandikishwa, kisha kulifuata kila kundi peke yake mwezi baada ya mwezi. Hapa nitakueleza nilivyolitengeneza jedwali langu, na zaidi nilivyolisoma vibaya mwanzoni, maana kulitengeneza ni kazi ya jioni moja ila kulisoma kulinichukua wiki kadhaa.

Mauzo yangu yako kwenye Google Sheets, kila mauzo mstari wake: A namba ya simu, B tarehe. Kabla ya yote safisha namba za simu. Mtu yuleyule huandikwa leo kwa sifuri mbele, kesho kwa 255, keshokutwa kwa nafasi katikati, na kompyuta itamhesabu kuwa watu watatu. Mimi nilibakiza tarakimu 9 za mwisho kwenye safu ya pembeni, kisha nikazibandika juu ya zile za zamani kama thamani tu:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Baada ya hapo, safu ya C inatafuta tarehe ya kwanza ya mteja, D inaandika mwezi wa kundi lake, na E inahesabu imepita miezi mingapi tangu mwezi huo hadi mauzo haya:

```
C2: =MINIFS(B:B,A:A,A2)
D2: =TEXT(C2,"yyyy-mm")
E2: =(YEAR(B2)-YEAR(C2))*12+MONTH(B2)-MONTH(C2)
```

Kisha fungua `Insert > Pivot table`. Weka D kwenye `Rows`, E kwenye `Columns`, na namba ya simu kwenye `Values`, halafu pale chini chagua `COUNTUNIQUE`. Ukiacha `COUNTA` utakuwa unahesabu mitungi badala ya watu, na mama ntilie anayejaza mara tatu kwa mwezi atageuka wateja watatu. Utaligundua kosa hilo kwa njia rahisi: idadi ya mwezi wa kuandikishwa itazidi idadi ya watu uliowaandikisha.

Hili ndilo jedwali langu lilivyokuwa mwisho wa Juni. M1 ni mwezi unaofuata ule wa kuandikishwa, M2 wa pili, na kuendelea.

```
Kundi      Watu   M1   M2   M3   M4   M5
Januari      80   30   41   34   36   35
Februari     74   27   39   31   33
Machi        90   34   46   38
Aprili      140   31   33
Mei          66   25
Juni         70
```

Umbo lake ni la ngazi, kwa sababu kundi la Mei bado halijaufikia mwezi wake wa pili. Nafasi zile ziache wazi. Ukijaza sifuri unasema hakuna aliyerudi, wakati ukweli ni kwamba muda haujafika, na wastani wowote utakaoutoa hapo utakuwa wa uongo.

Jicho langu lilikimbilia M1. Katika kundi la Januari, watu 30 kati ya 80, yaani asilimia 38. Kichwani nikasoma kwamba asilimia 62 wameshatukimbia ndani ya mwezi mmoja. Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nikachukua simu nikaanza kuwapigia waliokosekana. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kimara Baruti, mtungi wake wa kilo 15. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa adabu kama tulimkosea. Akanijibu, "Mwanangu, gesi bado ipo. Hata nusu sijui kama imefika. Ikiisha si nitakupigia?" Wa pili jibu lilelile. Wa tatu vilevile.

Hapo ndipo nikaitazama upya safu ya M2. Watu 41 kati ya wale 80 walinunua mwezi wa pili, wengi kuliko waliorudi mwezi wa kwanza. Kama wateja wangekuwa wanaondoka tu, namba isingeweza kupanda. Inapanda kwa sababu jedwali hili linauliza "nani alinunua mwezi huu", haliulizi "nani bado ni mteja wetu". Mtungi wa kilo 6 kwa familia ndogo hukaribia mwezi au kuuzidi kidogo. Wa kilo 15 huenda miezi miwili hadi mitatu. Mteja wa kilo 15 aliye mwaminifu kabisa atakuwa tupu kwenye M1, atatokea M2 au M3, kisha atapotea tena. Kwa hiyo kabla ya kuogopa namba yoyote, jiulize bidhaa yako inachukua muda gani kuisha mikononi mwa mteja. Anayeuza maji ya kunywa ya lita 20 apange kwa wiki. Mimi sasa karibu na jedwali la mwezi naweka namba nyingine moja: wangapi katika kundi wamerudi hata mara moja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa kundi la Januari walikuwa 61 kati ya 80, asilimia 76. Hiyo ndiyo hali halisi, tofauti sana na ile 38 iliyoninyima usingizi.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba jedwali hili husomwa kwa njia tatu, na kila njia ina jibu lake. Ukisoma kwa mlalo unaona kundi moja linavyozeeka. Ukisoma kwa wima unalinganisha makundi yote yakiwa na umri uleule. Ukisoma kwa mshazari, kutoka chini kushoto kupanda juu kulia, unasoma mwezi mmoja wa kalenda: M1 ya Mei, M2 ya Aprili, M3 ya Machi, M4 ya Februari na M5 ya Januari zote ni Juni. Nilipolifungua tena jedwali tarehe 10 Julai, kila kundi lilikuwa limeshuka vibaya kwenye namba yake ya mwisho. Namba zote mbovu zilikuwa kwenye mshazari mmoja, na mshazari huo ulikuwa Julai, mwezi uliokuwa na siku 10 tu. Siku hizi mwezi ambao haujaisha siuweki kabisa. Ila ukiona mshazari umeshuka na mwezi ulishaisha, tafuta kilichotokea mwezi huo dukani, kama pikipiki kulala gereji au mitungi kuchelewa kuletwa, wala usiwalaumu wateja wa kundi fulani.

Kosa la kundi lenyewe huonekana kwenye wima. Shuka na safu ya M2: Januari asilimia 51, Februari 53, Machi 51, Aprili 24. M1 nayo vilevile: 38, 36, 38, kisha 22, halafu Mei inarudi 38. Makundi mengine yote yanafanana, Aprili peke yake imeanguka, na imeanguka miezi miwili mfululizo ambayo kwa makundi mengine ilikuwa ya kawaida. Hapa hakuna habari ya gesi kutoisha. Na Aprili ndio mwezi niliokuwa najivunia, kwa kuwa tuliandikisha watu 140 kwa ofa ya kupelekewa mtungi wa kwanza bure popote.

Asilimia ya kundi zima haikuambii sababu, kwa hiyo nililigawa kundi la Aprili kwa mtaa. Wa karibu, wale ambao kaka huwafikia kwa dakika kumi, walikuwa 60, na 27 kati yao walinunua kwenye M2. Wa mbali walikuwa 80, wakanunua 6. Yaani wa karibu walirudi kwa asilimia 45, si mbali sana na makundi mengine, na wa mbali hawakufika hata mmoja kwa kumi. Nikawapigia wa mbali. Dada mmoja akaniambia bila kuficha: "Ile ya kwanza mlileta bure. Nilipopiga tena mkaniambia elfu tatu ya boda. Hapa chini ya nyumba kuna duka, kwa nini nilipe elfu tatu?" Alikuwa na haki. Tulimkaribisha kwa bei ambayo hatukuwa na nia ya kuendelea nayo, wala hatukumwambia.

Kuna jambo moja ambalo jedwali halitakuonyesha, na mimi lilinifumbua macho kwa bahati. Kaka alipeleka mtungi nyumba moja na kuandikisha mteja mpya, baba aliyelipa kwa M-Pesa yake. Aliporudi akasema, "Lakini hii nyumba naijua, mwezi wa tatu alilipa mama." Kwenye daftari mama alihesabiwa amepotea na baba amehesabiwa mpya, na nyumba ni moja, jiko ni moja. Kosa la namna hii linapunguza wanaorudi na kuongeza wapya kwa wakati mmoja. Tangu hapo tunaandikisha nyumba, na namba zote za simu za nyumba hiyo zinaingia chini yake.

Ofa ya bure popote tuliifuta. Sasa mteja wa mbali anaambiwa nauli ya boda tangu simu ya kwanza, na wengi wanakata simu hapohapo, kwa hiyo tunaandikisha wachache. Kundi la Agosti lilikuwa na watu 58 tu. Mwisho wa Oktoba lilipofika M2, walionunua walikuwa 31, asilimia 53. Kwa kundi dogo kiasi hicho watu 3 tu wanapandisha au kushusha asilimia 5, ndiyo maana sikumwambia kaka kuwa tumezidi Januari. Nilimwambia tumerudi pale tulipokuwa, na tukakubaliana kusubiri M2 ya Septemba kabla ya kununua pikipiki ya pili.