Alama nyeupe za diodoranti kwenye blauzi nyeusi

"Blauzi yangu nyeusi ya kazini ina alama nyeupe mbavuni na kwapani. Nafua lakini za kwapani haziishi. Na kwa joto la Kisumu siwezi kuacha diodoranti. Nifanyeje?"

Dada, hizo ni alama mbili tofauti. Ya mbavuni ni unga mkavu uliogusa nguo ukiivaa. Usiilowanishe, maana maji huueneza. Chukua soksi ya nailoni, au upande wa ndani wa blauzi hiyohiyo, usugue kukiwa kukavu mpaka unga upukutike.

Ya kwapani ni chumvi za aluminiamu na nta zilizogandamana kwenye nyuzi. Ukiguza utasikia kitambaa kimekakamaa. Jaribu siki nyeupe kwanza kwenye pindo la ndani, uone kama rangi inatoka. Ikiwa salama, geuza blauzi, changanya siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, loweka kwapa nusu saa, sugua taratibu kwa mswaki laini, kisha fua kwa sabuni. Bado ni ngumu? Rudia kabla ya kupiga pasi. Jiki usiiguse: itababua rangi nyeusi, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya sumu.

Ukinunua diodoranti nyingine, epuka kijiti cheupe kigumu. Tafuta jeli inayoonekana kama maji. Hata hiyo, paka kidogo na uache ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Ikiwa tatizo lako ni harufu tu, chagua isiyo na aluminiamu, ila hiyo haizuii jasho.