Wanagenzi, msiandike "haipo" kabla hamjafungua ramani ya tovuti

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu, wiki hii nimepokea tena taarifa yenye mstari ule ule: "Nimetafuta Google, waraka haupo." Nawapenda, na najua mnakesha na hizi kazi, lakini mstari huo unanichosha. Google kutouonyesha ukurasa ni habari kuhusu Google. Haituambii kama ukurasa upo au haupo. Taasisi nyingi tunazozifuatilia hapa Kampala huweka matangazo yao kwenye tovuti zao na kuishia hapo, na mteja wetu aliyeko Busia au Malaba hajali tumepitia njia gani ilimradi jibu liwe sahihi.

1. Jueni kwanza kwa nini ukurasa haujitokezi.

Google haiorodheshi kila inachokiona. Ukurasa wenye kichwa cha habari na faili moja ya PDF iliyopigwa skana, tena usio na kiungo chochote kinachouelekea kutoka ukurasa wa mbele, mara nyingi huachwa nje. Ukurasa mwingine umezuiwa na wenye tovuti wenyewe kwa agizo la `noindex`. Na hata mkitumia `site:` mbele ya anwani, orodha mnayopata si kamili. Google wenyewe wanasema hivyo. Kwa hiyo mkishafika ukurasa wa tatu wa majibu, acheni kubadilisha maneno pale pale. Ingieni ndani ya tovuti.

2. Kisa cha ada za maabara.

Hiki nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu kila anayekuja hapa hukirudia kwa sura nyingine.

Mama mmoja anayevusha mahindi Busia alitaka kujua ada ya kupima sumukuvu, yaani aflatoksini, kabla lori lake halijapakia. Mnakumbuka kwamba Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi 10 ppb. Tangu hapo maswali ya vipimo hayaishi mezani kwetu. Kazi akapewa binti mmoja mwanagenzi, mwepesi na makini, ambaye mpaka leo namheshimu. Akaandika Google `aflatoxin test fees`, akaongeza `site:` na anwani ya taasisi. Zikaja picha za semina, habari za uzinduzi, na orodha moja ya ada ya miaka ya nyuma. Akaandika kwenye taarifa: "Taasisi haijachapisha ada mpya. Tumia orodha hii."

Mama akampa kijana wake pesa kwa kadiri ya orodha ile. Kijana alipofika dirishani akaambiwa ada zimepanda, na sampuli haitapokelewa mpaka alipe tofauti. Lori limekwisha pakiwa, dereva anadai posho, mnunuzi ng'ambo ya mpaka anapiga simu kila saa. Mama alinipigia, wala hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kama bei ilikuwa imebadilika, mbona mliniandikia kwamba haijabadilika?" Swali hilo lilimuuma binti kuliko karipio lolote, maana lilikuwa la haki. Hakuambiwa aseme ada hazijabadilika. Aliulizwa ada ni zipi. Yeye alichokuwa nacho mkononi ni kwamba hakuona, akaandika kwamba hakuna.

Jioni tukakaa naye tukaanza upya. Anwani halisi naiacha; hapa nitaandika `mfano.go.ug`.

Tulianza na kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe. Anwani za picha zilikuwa na `wp-content`, basi tukajua inaendeshwa na mfumo wa WordPress. Akaandika maneno yale yale matatu, tovuti ikajibu kwamba hakuna kitu. Ni kawaida: kisanduku cha WordPress hudai maneno yote yawepo kwenye ukurasa mmoja. Neno moja likikosekana, ukurasa wote unaachwa. Tena husoma kichwa na maandishi ya ukurasa tu, hakiingii ndani ya PDF. Tukabakiza `aflatoxin`, zikaja zile zile semina. Tukajaribu `fees`, ikaja orodha ya zamani na tangazo la zabuni.

Hapo ndipo wengi mnapofunga kompyuta. Sisi tukafungua `mfano.go.ug/robots.txt`. Faili hili ni la mitambo, lakini yeyote anaweza kulisoma, na mara nyingi chini yake huwa na mstari unaotaja mahali ilipo ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zake:

```
Sitemap: https://www.mfano.go.ug/sitemap_index.xml
```

Tukabandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Ikatokea orodha ya ramani ndogondogo: `post-sitemap.xml`, `post-sitemap2.xml`, `page-sitemap.xml`, na moja iliyoitwa `notices-sitemap.xml`. Hii ya mwisho ndiyo iliyotushtua, kwa sababu kwenye menyu ya tovuti hapakuwa na sehemu yoyote ya matangazo. Ilikuwepo zamani, menyu ikabadilishwa, kurasa zikabaki bila mlango. Tukaifungua, tukabonyeza Ctrl+F, tukaandika `fee`. Hakuna. Tukaandika `lab`. Ukajitokeza mstari mmoja:

```
https://www.mfano.go.ug/notices/revised-charges-laboratory-services/
```

Mnaona kilichotokea? Afisa aliyeandika tangazo hakutumia `fees`. Alitumia `charges`. Na neno `aflatoxin` lilikuwa ndani ya jedwali la PDF iliyopigwa skana, ambayo kisanduku cha tovuti hakiwezi kuisoma. Binti alikuwa akilitafuta tangazo kwa maneno ambayo ukurasa wake hauna hata moja. Asingelipata hata angetafuta wiki nzima.

Lakini tusingeishia hapo. Ramani ilikuwa imetufundisha neno la ofisi ile, basi tukarudi nalo kisandukuni: `mfano.go.ug/?s=charges`. Ukaja ukurasa tuliokwisha uona, na chini yake mwingine mfupi uliosahihisha tarehe ya kuanza kutumika kwa ada. Huo wa pili haukuwa kwenye ramani kabisa. Tukafungua chanzo chake kwa Ctrl+U tukakuta:

```
<meta name="robots" content="noindex, follow">
```

Huenda mtu alitia tiki mahali fulani kwenye mipangilio bila kukusudia wakati wa kuuchapisha. Ukurasa wenye agizo hilo Google huuondoa, na programu jalizi za ramani kama Yoast nazo huuacha nje ya ramani. Kisanduku cha tovuti, kwa kuwa kinasoma hazina ya data moja kwa moja, hakijali agizo hilo. Ndiyo sababu nawasumbua mtumie vyote viwili. Ramani hukuonyesha kurasa zisizo na kiungo na kukupa maneno ya wenyeji. Kisanduku hukuonyesha kilichofichwa kwa mitambo. Ukiacha kimoja, nusu ya nyumba hujaipekua.

3. Mambo madogo yanayowakwamisha.

Tovuti kubwa hugawa ramani yake. Kanuni ya ramani ni anwani zisizozidi 50,000 kwa faili, lakini Yoast hukata kwenye 1,000 na WordPress yenyewe kwenye 2,000, kwa hiyo Ctrl+F kwenye `post-sitemap.xml` bila kugusa `post-sitemap2.xml` si kutafuta.

Kama `robots.txt` haitaji ramani, jaribuni `/sitemap.xml`, `/sitemap_index.xml` na `/wp-sitemap.xml`. Hii ya mwisho imekuja na WordPress yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Zote zikikataa, angalieni chini kabisa ya ukurasa wa mbele. Tovuti nyingine zina ramani ya kusomwa na watu, yenye viungo vya kawaida.

Tarehe ya `lastmod` mnayoiona kwenye ramani ni siku ukurasa ulipoguswa mara ya mwisho. Si tarehe ya tangazo. Yupo aliyeniletea waraka wa zamani kama mpya kwa sababu mtu alisahihisha herufi moja juzi. Fungueni PDF, tarehe imeandikwa chini ya muhuri, na kama imepigwa skana isomeni kwa macho.

Kwenye WordPress andikeni kipande cha neno: `charg` italeta `charge`, `charges` na `charging`. Kwenye Drupal, ambayo mtaitambua kwa `/sites/default/files/` kwenye anwani za faili, kisanduku cha kawaida hudai neno zima, na ukurasa wa leo unaweza kukosekana mpaka faharasa yake isasishwe.

Hili lifuatalo lilimpotosha kijana mmoja mpaka nikamhurumia. Baadhi ya visanduku si vya tovuti. Ni Google iliyopachikwa ndani. Baada ya kutafuta, tazameni anwani juu. Mkiona `gsc.q=`, mmerudi kule kule mlikotoka, na kisichokuwa Google hakitakuwa hapo. Yeye alijivunia kwamba ametafuta sehemu mbili.

4. Walio kwenye meza ya sheria.

Kwenu ninyi kisanduku si njia ya dharura, ndicho mlango wenyewe. BAILII ya Uingereza na CanLII ya Kanada zimezizuia injini za nje zisiorodheshe hukumu zao, kwa ajili ya faragha ya watu waliotajwa humo. Wakili akiwaomba hukumu ya Uingereza au Kanada ya kushawishi mahakama yetu, msianze na Google mkitumaini bahati. Nendeni kwenye tovuti hizo, tumieni fomu yao ya kutafuta, jina la upande mmoja na mwaka vinatosha kuanzia.

5. Chagueni nyumba kabla ya kuchagua neno.

Taasisi zetu zinaunganishwa. Kwa sheria ya mwaka 2024, kazi za mamlaka ya kahawa, UCDA, zilirudishwa Wizara ya Kilimo. Anayetafuta tangazo jipya la kahawa akapekua ramani ya mamlaka peke yake atamaliza bando lake bure. Ulizeni kwanza nani anatoa waraka huo sasa, kisha fungueni `robots.txt` ya huyo.

6. Mkikosa kabisa, andikeni mlichofanya.

Yule binti sasa huandika hivi, nami nataka wote muige: "Sijauona ukurasa wa ada mpya. Nimetafuta kisandukuni kwa `fees`, `charges`, `tariff` na `schedule`; nimepitia ramani zote nne; matoleo ya PDF nimeyasoma. Orodha niliyoambatisha ni ya zamani, isitumike kulipia kabla ya kuthibitishwa." Halafu anapiga simu mapokezi ya taasisi, anaomba kuunganishwa na mhasibu, na anaandika kwenye jalada jina la ofisi iliyomjibu na saa aliyojibiwa.