Barua za mkurugenzi, wiki ya kwanza

"Nimeanza kazi ofisini Malindi. Barua na simu za bosi nizipange vipi?"

Dadangu, tazama siku ya mwisho ya kujibu, si iliyotangulia kufika. Msaidizi wetu mpya hapa Lamu alipokea bahasha tatu. Yenye neno SIRI hakuifungua. Ankara ikaenda kwa mhasibu. Ya tatu iliandikwa tarehe 2, ikafika tarehe 11, na inataka jibu ndani ya siku 14 tangu kuandikwa: zimebaki 5! Akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaibana na bahasha yake (muhuri wa posta ndio ushahidi wa kuchelewa), akaiweka juu kabisa pamoja na faili lake.

Simu nazo ziandike: jina, namba, saa, shida. "Kuna mtu alipiga" haimfai bosi.