Toeni maji kabla ya sindano: maswali ya maambukizi ya tumbo kwa wagonjwa wa sirosisi

Daktari, mgonjwa wa sirosisi kalazwa kwa kuchanganyikiwa. Hana homa, tumbo haliumi. Bado nitoe maji? (Daktari wa mafunzo, Iringa)

Ndiyo, tena leo hii. Kila mgonjwa wa sirosisi mwenye maji tumboni anayelazwa, hata kama kaletwa kwa jambo jingine kabisa, maji yake yapimwe. Wengi wenye maambukizi ya maji haya hawana homa wala tumbo gumu. Kinachowaleta wodini ni kuchanganyikiwa, kreatinini kupanda, shinikizo kushuka au kutapika damu. Ukisubiri homa ndipo utoe maji, utamkuta mgonjwa figo zimeshasimama.

Majibu ya maabara yanasema chembe nyeupe ni 900. Hayo ni maambukizi au siyo? (Tabibu, Makete)

Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi naanza kuamini hakuna anayesoma jibu. Namba ya chembe nyeupe zote haitoshi. Tunachotaka ni nyutrofili, na mpaka wake ni 250 kwa kila mikrolita moja ya maji. Zikifika hapo au zaidi, anza matibabu bila kusubiri bakteria waoteshwe. Kwa hiyo rudi maabara uulize: katika hizo 900, nyutrofili ni asilimia ngapi? Zikiwa asilimia 70, una 630, na mgonjwa ana maambukizi. Zikiwa asilimia 15, una 135, na zilizobaki huenda ni limfosaiti. Hapo, kwa huku kwetu, anza kufikiria TB ya tumbo kabla ya kumjaza seftriaksoni.

Kosa mara nyingi huanzia kitandani. Maji ya kuhesabu chembe yawekwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ya picha ya damu, yasije yakaganda. Ya kuotesha yaingizwe moja kwa moja kwenye chupa za kuoteshea damu ukiwa bado umesimama kando ya mgonjwa, mililita 10 kila chupa. Bakteria katika maji haya ni wachache mno. Ukiyapeleka kwenye kichupa kitupu na yakakaa dirishani hadi mchana, usishangae kuambiwa hakuna kilichoota.

Na sindano ya antibayotiki iliyochomwa mapokezi "kwa tahadhari" kabla ya maji kutolewa inaharibu kipimo hicho. Dozi moja tu mara nyingi inatosha kuzuia bakteria kuota, na hapo hutajua kamwe kama dawa yako inawagusa au la. Kutoa maji ni kazi ya dakika 10. Toa maji, kisha choma sindano saa hiyo hiyo.

INR yake ni 2.3. Nimpe plazma kwanza ndipo nichome tumbo? (Daktari, Mbeya)

Hapana. Choma upande wa kushoto chini, mbali na mishipa inayoonekana juu ya ngozi, kwa sindano nyembamba. Kwa mgonjwa wa sirosisi INR haikuambii atavuja damu kiasi gani.

Mgonjwa wetu ana kilo 50. Chembe 2,400, nyutrofili asilimia 80. Tumeanza seftriaksoni, jentamaisini na metronidazoli. Kreatinini ilikuwa 110, leo ni 168. Bilirubini 95. Familia imeuliza kama albumini ni lazima, maana bei yake inatisha. (Muuguzi, Njombe)

Asante, dada, kwa kuleta namba zote. Nianze na dawa. Nyutrofili zake ni 1,920, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu ugonjwa wenyewe. Alitoka nyumbani na maambukizi, hakuyapata wodini kwenu, basi seftriaksoni gramu 2 kwa siku inatosha kuanzia. Wanaosababisha ugonjwa huu mara nyingi ni E. koli, Klebsiela na jamii ya streptokoki, na hao seftriaksoni kwa kawaida inawafikia. Angekuwa amelala wodini siku kadhaa kabla ya kuugua, au ametoka kutumia antibayotiki wiki chache zilizopita, ningeuliza maabara yenu inaona usugu gani, na ningekuwa tayari kuanza na piperasilini na tazobaktamu, au meropenemu.

Jentamaisini isimamishwe leo, si kesho. Figo za mgonjwa wa sirosisi haziivumilii, na kreatinini yenu imeshawajibu. Diklofenaki nayo itoke kwenye faili kama ipo. Dawa za kukojoa zipumzishwe kwa sasa, na propranololo kama shinikizo la juu limeshuka chini ya 90.

Metronidazoli inanikera kwa sababu nyingine. Maambukizi haya ya kawaida karibu kila mara huletwa na aina moja ya bakteria, na wale wasiopenda oksijeni ni nadra sana humo. Anayeiongeza huwa anahofia utumbo uliotoboka lakini hataki kusema. Basi sema, na upime! Kwenye maji yale yale omba protini, glukosi na LDH. Protini ikizidi gramu 10 kwa lita, glukosi ikiwa chini kabisa, LDH ikipita ile ya kwenye damu, au hadubini ikionyesha bakteria wa aina tatu kwa pamoja, mwite daktari wa upasuaji na piga CT. Hapo tundu la utumbo halitibiwi kwa kuongeza chupa za metronidazoli.

Sasa albumini. Maambukizi yanailegeza mishipa ya damu, damu inatuama tumboni, figo zinakosa mgawo wake. Antibayotiki inaua bakteria lakini hairudishi mgawo huo. Katika utafiti wa Hispania uliotolewa 1999, waliopewa sefotaksimi peke yake asilimia 33 figo ziliharibika. Walioongezewa albumini walikuwa asilimia 10. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 29 kwa 10. Dozi yenyewe ni gramu 1.5 kwa kila kilo ndani ya saa 6 tangu ugonjwa ujulikane, kisha gramu 1 kwa kilo siku ya tatu.

Kwa kilo 50 hiyo ni gramu 75 leo na gramu 50 siku ya tatu. Chupa ya asilimia 20 yenye mililita 100 ina gramu 20, kwa hiyo leo anahitaji mililita 375, karibu chupa nne, na siku ya tatu mbili na nusu. Iambieni familia chupa saba kwa jumla, na waambieni mapema, wasije wakauza ng'ombe kwa bei ya kutupa jioni ya siku ya tatu. Kabla ya hapo hakikisheni kilo 50 ni za mwili wake na si za maji. Mimi hupunguza makadirio ya maji kabla ya kuzidisha. Idondosheni taratibu na msikilize mapafu, kwani akianza kuhema na oksijeni ikashuka, simamisheni.

Je, ni lazima? Kwake, ndiyo. Faida iko hasa kwa mwenye kreatinini zaidi ya 88 au bilirubini zaidi ya 68, na yeye anazo zote mbili. Mwenye namba zote mbili chini ya hapo figo zake huharibika mara chache. Kama stoo ina chupa chache na wagonjwa ni wawili, anzeni na huyu. Ninachopinga ni ile tabia ya kumpa kila mtu chupa moja moja ili ionekane kapewa. Gramu 20 kwa mtu anayehitaji 75 ni fedha ya familia iliyomwagwa.

Baada ya saa 48 toeni maji tena. Nyutrofili ziwe zimepungua kwa zaidi ya robo, yaani kwake zishuke chini ya 1,440. Zikifika 600 na mgonjwa ameamka, endeleeni na dawa hiyo hiyo hadi siku 5 mpaka 7. Zikibaki 1,800 au zikipanda, dawa haifanyi kazi au utumbo umetoboka. Msingoje siku ya saba kuligundua hilo.

Albumini hakuna kabisa. Plazma au dripu ya chumvi inaweza kuziba pengo? (Daktari, Songwe)

Haiwezi. Chumvi itaishia tumboni, na plazma ina albumini kidogo mno kwa ujazo unaohitajika. Simamisha vinavyoumiza figo, mpe antibayotiki bila kuchelewa, na kama yuko kwenye kundi la hatari piga simu ya rufaa mapema.

Shikamoo daktari. Baba yangu alilazwa kwa maambukizi haya ya tumbo, akaruhusiwa na Sipro za siku saba. Zimeisha, anaendelea vizuri. Tumeambiwa haina haja ya kununua nyingine. (Mwana, Mafinga)

Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Aliyewahi kupata maambukizi haya, bila dawa ya kinga, uwezekano wa kuyapata tena ndani ya mwaka mmoja ni kama asilimia 70. Utafiti wa 1990 wa norfloksasini ulishusha kiwango hicho kutoka 68 hadi 20. Norfloksasini huku ni shida kuipata, kwa hiyo tunatumia siprofloksasini miligramu 500 mara moja kwa siku, au Septrini miligramu 960 mara moja kwa siku. Anaendelea mpaka maji ya tumbo yaishe kabisa na ini litulie, siyo mpaka boksi liishe. Mrudishe kliniki wiki hii na karatasi ya kuruhusiwa mkononi.

Mwambie daktari mambo haya. Kama baba anakohoa wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe kabla ya Sipro, kwa sababu dawa za kundi hilo zinaificha TB na kuijengea usugu. Kama anatumia spironolaktoni na akapewa Septrini, potasiamu yake ipimwe baada ya wiki moja, maana zote mbili zinaipandisha na moyo unaweza kusimama. Na kama alikuwa anatumia Septrini tayari, kama ilivyo kwa wengi wanaoishi na VVU hapa nyanda za juu, na bado akapata maambukizi, basi Septrini hiyo isihesabiwe kinga tena. Sipro asinywe pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia za kutafuna. Omeprazoli kama alianzishwa tu kwa desturi, aulize kama anaihitaji, kwani inahusishwa na kuongeza maambukizi haya. Na apimwe homa ya ini B. Ikiwepo, tenofoviri inalinda ini kuliko kinga yoyote ya tumbo.

Ulanzi mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, anaruhusiwa? (Msomaji, Kilolo)

Hapana. Mchana utakuwa umeshachacha, na naye atakuwa hajaondoka kilabuni.

Kituo chetu hatuna wa kuhesabu chembe. Kuna vile vijiti vya mkojo, nitumie? (Tabibu, Rungwe)

Kijiti kikigeuka rangi kinakupa sababu ya kuharakisha. Kisipogeuka hakikupi ruhusa ya kutulia, kwa hiyo usikitumie kusema hakuna maambukizi. Fanya hivi: toa mililita 30, jaza chupa ya zambarau, jaza za kuoteshea kama unazo, choma seftriaksoni gramu 2, kisha mpe dereva chupa hizo pamoja na mgonjwa. Juu ya kila chupa andika saa uliyotoa maji, na kwenye barua ya rufaa andika saa uliyochoma sindano. Chembe huharibika zikikaa, kwa hiyo gari lisipitie mjini kwanza kubeba mizigo.